Mama Fakture na Siku za Antene Iliyolala

Ukifika Bunia ukauliza habari za Léontine, watu watakuuliza Léontine yupi. Sema Mama Fakture, na hata mtoto wa chekechea wa Nyakasanza atakushika mkono akupeleke. Mimi ni Anastasie. Nina chumba cha fotokopi na kuchapa barua pembeni ya soko, na ninasema mapema kwamba katika habari hii sikukaa katikati. Nilikuwa upande wake, na bado niko. Anayetaka habari isiyo na upande akaisikilize redioni.

Léontine alitoka upande wa Djugu, alikokuwa na shamba la maharagwe na nyumba ya matofali. Vita vilimtoa huko. Alifika Bunia na watoto wake, sufuria moja na ungo mmoja. Sufuria iliibwa katika juma la kwanza, ungo umebaki mpaka leo. Alipanga chumba mtaa wa Saio, akaanza kuuza maharagwe kwa kikombe, akizunguka nayo kwenye ofisi za watu wenye mishahara. Watu wa mishahara, mnawajua, hula leo na kulipa wakikumbuka.

Mmoja wa hao alikuwa bwana Katsuva, mfanyabiashara aliyetoka Butembo, mwenye kampuni ndogo ya intaneti iitwayo Mulima Net. Alikula maharagwe ya Léontine kwa deni mpaka deni likaota ndevu. Kila siku alisema kesho. Basi asubuhi moja Léontine akaenda na kigoda chake na ungo wake, akakaa mlangoni mwa Mulima Net, akaanza kuchambua maharagwe. Hakutukana, hakupiga kelele. Wateja walikuwa wanamruka ili waingie, na kila aliyeruka aliuliza, "Mama, unangojea nini hapa?" Naye alijibu kwa upole, "Nangojea patron akumbuke." Kabla ya saa sita patron alikuwa amekumbuka. Tena akamwambia kwamba mtu anayejua kudai namna hiyo haifai auze maharagwe, na akampa kazi ya kupeleka fakture, yaani hati za madai, na kukusanya malipo.

Hivyo ndivyo alivyopata jina. Miaka yote hiyo Mulima Net ilifanya kazi hivi: unatumia intaneti mwezi mzima, mwisho wa mwezi Léontine anakuletea fakture, unalipa kabla ya tarehe kumi na tano. Ukichelewa anakukumbusha. Ukichelewa tena, anakuja na kigoda na ungo. Nimeona wanaume wenye magari wakikimbia kutafuta franga kwa sababu tu mwanamke mmoja alikuwa anatoa mawe kwenye maharagwe mbele ya duka lao. Mimi mwenyewe amenikalia mara moja, na sitaki kulizungumzia.

Lakini alikuwa na jambo lingine, na ndilo lililofanya watu wampende mtu anayewadai. Antene ya Mulima Net iko juu ya kilima, upande wa barabara ya Bogoro. Ikipigwa na radi, au betri zake zikichoka, sote tunabaki bila intaneti. Kila antene ilipolala, Léontine alikuja na fakture, akatoa kalamu, akakata siku hizo mbele ya macho yako na kuandika jumla mpya. "Siku ambayo hukula, hulipi sahani," alisema. Katsuva alikubali, kwa sababu bila hivyo hakuna ambaye angelipa.

Sasa tuje kwenye ilani.

Ilitoka mwanzoni mwa mwezi wa sita. Nilifanya fotokopi zake mwenyewe, kwa sababu mashine ya Katsuva ilikuwa imeishiwa wino, kwa hiyo naweza kusema niliusoma msiba ukiwa bado moto. Ilisema:

"Wateja wetu wapendwa. Kuanzia tarehe 1 Julai, Mulima Net inaacha malipo ya baada ya matumizi na inaanza malipo ya kabla ya matumizi. Fakture ya mwisho, ya mwezi wa Juni, mtaletewa tarehe 1 Julai na itapaswa kulipwa kabla ya tarehe 15. Garanti mliyoacha siku ya kufungiwa vifaa itahesabiwa kuwa malipo yenu ya mwezi wa Julai. Kuanzia Agosti kila mteja atalipa mwenyewe kwa simu, na malipo yatadumu siku thelathini. Siku hizo zikiisha bila malipo mapya, laini itajifunga yenyewe. Hakutakuwa tena na fakture wala faini ya kuchelewa."

Nikiwa mkweli, haikuwa barua ya mwizi. Katsuva naye ana watu juu yake. Yule anayemuuzia intaneti kwa jumla hutaka dola zake mwezi ukianza, huku sisi tukimlipa mwezi ukiwa umezikwa. Mtu hawezi kuziba pengo hilo kila mwezi kwa mfuko wake. Na garanti zetu, zile pesa za dhamana, alikuwa anaturudishia kwa njia ya haki, ili tusije tukalipa Juni na Julai kwa pamoja. Hata mimi nilisema, haya, tuone.

Léontine alikuja kuchukua fotokopi, akasoma akiwa amesimama, akasoma tena akiwa amekaa. Akaniuliza, "Mama Anastasie, weye unaona hapa kwenye banasema juu ya antene kulala?"

Nikatafuta. Hapakuwa na neno.

Tukaenda pamoja ofisini, mimi nikiwa na hesabu yangu ya fotokopi nikidai kulipwa. Katsuva alikuwa nyuma ya meza, amechangamka kama bwana harusi.

"Mama Léontine, karibu! Niko na habari mubaya kidogo na habari muzuri," alisema. "Ile mubaya: fakture ya Juni njo ya mwisho. Kuzunguka kunaisha. Ile muzuri: nakuwekea kiti kwa guichet. Utapokea bantu benye hawajue kulipa na simu. Mushahara ni ile ile. Ila nataka kila kiliya, kila muteja wetu, asaine chini ya ilani, na karatasi zote zikuye kabla ya tarehe kumi na tano ya mwezi huu."

Kiti cha guichet, dirisha la kupokelea malipo. Nyinyi msiojua, fahamuni: mwanamke aliyezunguka juani na kwenye matope ya Bunia kwa miaka, mwenye watoto wanaosoma na chumba cha kulipia Saio, anaahidiwa kiti, paa na mshahara. Mimi ningesaini hata kwa miguu.

"Patron, aksanti," Léontine alisema. "Minauliza kitu moja. Antene ikilala, siku zile zinakuwa za nani?"

"Mama, prépayé ni prépayé: unalipa mbele, imeisha. Hata unités ya simu inaishaka. Nani alishakurudishia?"

"Zamani tulikuwa tunakata siku kwa fakture."

"Zamani kulikuwa fakture. Sasa itakuwa mashine. Tena mi pia nalipaka kule juu hata antene ikiwa imelala. Unafikiri balishanihurumia?"

"Ile ni maneno yako na bale ba juu. Siye tunanunuaka kwako." Léontine aliweka fotokopi mezani. "Mi njo nilibaambiaka bantu, uso kwa uso, siku ya antene kulala hamulipe. Juu ya ile neno njo banafunguaka mulango nikipiga hodi. Andika mustari moja tu: siku za panne, za antene kulala, zitarudishwa. Gaël iko hapa, umuulize kama haiwezekane."

Gaël ni fundi wa Mulima Net, kijana mpole anayependa nyaya kuliko watu. Aliulizwa kwa macho, akajibu akitazama viatu vyake kwamba inawezekana, kwamba kwenye kompyuta kila mteja ana tarehe yake ya kwisha, na tarehe inaweza kusogezwa mbele, ya mmoja au ya wote. Katsuva akamtazama mpaka viatu vyenyewe vikaona haya.

"Karatasi inatoka vile iko," alisema Katsuva. "Na kiti cha guichet kinangojea mutu mwenye anasikia."

Nje nilimwambia Léontine asizipeleke, amwachie. Alinishangaa. "Nikikatala kuzipeleka, tarehe itafika na bantu batafungiwa bila kujua. Ile itakuwa kosa yangu. Ilani nitapeleka. Mudomo yangu njo hakuinunua."

Na kweli alizipeleka zote, Nyakasanza na Saio, duka kwa duka, nyumba kwa nyumba. Kila mlango alisoma ilani kwa sauti, akaeleza tarehe vizuri, akawafundisha wazee namna ya kulipa kwa simu. Kisha akasema, "Kitu yenye haiko ndani ni hii: antene ikilala, siku zinakimbia. Nimeuliza, banakatala. Sasa unajua."

Hapo ndipo na mimi nilipoingiza mkono. Karatasi ndio ugali wangu. Nilijua kwamba mtu akisaini barua ya ofisi bila neno, ofisi itasema amekubali yote. Basi juu ya saini yangu nikaandika kama wanavyoandika maofisini, "Reçu sous réserve", yaani nimepokea lakini sijakubali yote, na chini nikaongeza, "Siku za panne zirudishwe." Papa Fulgence mwenye duka la dawa, mtu ambaye hata kununua kiberiti hufikiri mara mbili, akaniuliza maana yake, akaandika vilevile. Halafu shule. Halafu wale wenye ukumbi wa sinema. Léontine hakumwomba mtu. Alikuwa anakusanya tu, na rundo likawa linakua.

Alizipeleka kabla ya tarehe. Katsuva alifungua ya kwanza, ya pili, ya tano, uso ukimbadilika.

"Nilikutuma kuleta saini, unaniletea mugomo!"

"Ulinituma kuleta saini, patron. Zote ziko. Hesabu."

Alimaliza fakture za Juni kama ilivyotakiwa, na hakuna hata moja iliyobaki nje. Katikati ya Julai alikabidhi mkoba. Kwenye kiti cha guichet alikuwa amekaa Ketsia, mtoto wa dada yake Katsuva, msichana mwenye tabia njema na kucha ndefu, ambaye hakuwahi kufika kwa mteja hata mmoja. Léontine alirudi kwenye maharagwe yake ya kikombe. Nilimkuta sokoni, nikakasirika kuliko yeye. Nikamwambia, umeona sasa, umejichoma kwa ajili ya watu ambao hata hawajui. Alinipimia kikombe, akakijaza mpaka kikamwagika, akasema, "Nilikula nzige na majani njiani toka Djugu, Mama Anastasie. Kukosa kiti itaniua na nini?"

Mwezi wa Julai ulipita kwa utulivu. Nitasema ukweli hata kama unauma: mfumo mpya ulinipendeza. Hakuna fakture, hakuna kukumbushwa, hakuna kukaliwa mlangoni. Mwanzoni mwa Agosti nikalipa kwa simu, ujumbe ukaja hapo hapo, nikajiona mtu wa Ulaya.

Kisha radi ikapiga kilimani.

Ilipiga mchana, tukaisikia mpaka mjini, na taa ya kifaa changu ikawa nyekundu. Gaël alipanda, akashuka na habari kwamba chombo cha antene kimeungua, na kipya lazima kitoke Uganda. Kipya kikakwama mpakani Mahagi na makaratasi yake. Sisi tukangojea. Wanafunzi waliokuja kujiandikisha chuoni niliwarudisha. Watu waliotaka kutuma maombi ya kazi niliwarudisha. Karibu nusu ya mwezi ilikwenda hivyo. Chombo kikafika, antene ikaamka, tukashangilia, na siku chache baadaye skrini yangu ikaniandikia: "Muda wako umekwisha. Tafadhali lipa."

Hapo ndipo nilipoelewa kile ambacho Léontine alikiona akiwa amesimama na fotokopi mkononi. Zamani, kama antene ililala, pesa zilikuwa mfukoni mwangu, na Katsuva ndiye aliyekuwa ananitafuta. Sasa pesa ziko mfukoni mwake, na mimi ndiye wa kumtafuta. Na nitamtafutaje? Nikampigia simu, akasema nieleze kwa guichet. Ketsia akasema ataandika. Papa Fulgence alijibiwa vilevile, shule ikajibiwa vilevile. Kila mtu alilalamika peke yake, akarudi nyumbani peke yake, na akalipa, maana utafanyaje? Mimi pia nililipa. Nililipa nikitukana, lakini nililipa. Hakuna aliyekuwa na kazi ya kudai. Yule aliyeijua kazi hiyo alikuwa sokoni na kikombe.

Nilienda kwake. Sikumwomba kitu, nilimhadithia tu, nikiwa na hasira mpaka mate yananiruka. Alisikiliza. Akafunga gunia lake.

"Guichet iko inafungua saa ngapi?" aliuliza.

Kesho yake asubuhi, Mama Fakture alikuwa mlangoni mwa Mulima Net, kigoda chini, ungo mapajani. Akaanza kuchambua. Jiwe huku, maharagwe kule.

Mteja wa kwanza alikuja kulipa, akamwona, akasita. Kwa miaka yote tulijua maana ya ungo ule: nyumba hii inadaiwa. "Mama, unangojea nini hapa?" Akajibu, "Nangojea patron akumbuke." Mteja hakuruka. Alisimama pembeni. Wa pili akasimama pembeni. Mimi nilifunga fotokopi nikaja, Papa Fulgence akaja na koti lake jeupe la dawa, na wapita njia wakaanza kuuliza ni nani anayedaiwa. Tuliwajibu kwa furaha kubwa.

Katsuva alifika, akaona mlango wake, akasimama kama aliyekutana na jina lake kwenye tangazo la kifo. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Miaka yote alikuwa akichekea hadithi za watu waliokaliwa na ungo ule.

"Mama Léontine! Weye hauna hata abonema, hata laini ya Mulima Net! Niko na deni gani kwako? Eh? Unanidai nini?"

"Siku," alisema Léontine, bila kuinua macho.

"Siku gani?"

"Za bantu. Antene ililala, na weye ulikula."

"Nilikueleza! Hata mi nalipaka kule juu!"

"Basi chukua kigoda uende ukakae kwa mulango yabo. Nitakuazima lungo."

Watu walicheka, na hata Ketsia alicheka ndani ya guichet kabla ya kujizuia. Katsuva akainama, akashusha sauti, lakini mimi nilikuwa karibu na nina masikio. "Mama, tuache hii maneno. Ingia. Kiti cha guichet ni chako, toka leo."

Nilitamani aseme ndiyo, na nilitamani aseme hapana, yote mawili. Léontine alitoa jiwe moja, akaliweka kwenye rundo la mawe.

"Kwanza siku," alisema.

Katsuva akajinyoosha, akaita kwa sauti ya mtu anayejifanya wazo ni lake: "Gaël! Sogeza tarehe za makiliya yote. Siku zote zenye antene ililala."

Gaël alikuwa ameshafungua kompyuta. Sidhani kama niliwahi kumwona akiharakisha hivyo. Muda si mrefu simu ya Papa Fulgence ikalia, yangu ikalia, na za wengine zikafuata, kila moja na ujumbe wa tarehe mpya. Watu wakapiga makofi. Katsuva akafuta jasho, akamwambia Léontine, "Sasa simama, Mama. Imeisha."

"Haiyaisha. Mwezi yenye inakuya je?"

"Nimesema mbele ya bantu! Neno yangu haitoshi?"

"Neno yangu ilikuwa inatosha, ukaiweka pembeni na karatasi. Basi tuweke karatasi."

Ilani mpya ilichapwa kwangu, na hiyo sikuitoza. Ilikuwa fupi: antene ikilala siku nzima au zaidi, siku hizo zitarudishwa kwa kila mteja bila kuomba. Tarehe, saini, muhuri. Léontine aliisoma amekaa, akaisoma amesimama, akakunja kigoda chake, akaingia nacho ofisini. Katsuva aliliangalia rundo la fotokopi, akamwangalia Ketsia, na akaona kile ambacho sote tuliona: hakukuwa na mtu ofisini anayejua mlango wa mteja uko wapi.

"Mama Léontine," alisema polepole, "unaweza kunipelekea hizi?"

"Ninaweza."

"Aksanti sana. Peleka tu. Mwisho wa mwezi tutaangalia mushahara."

Léontine alirudisha karatasi mezani. Akakunjua kigoda, akakaa, akaweka ungo mapajani.

"Mwisho wa mwezi?" alisema. "Hapana, patron. Prépayé ni prépayé."

Katsuva alitutazama sisi tuliojaa mlangoni. Akavuta droo, akalipa, na Mama Fakture akamwandikia risiti.